Waya Mmoja, Diwali Mbili

Alhamisi asubuhi redio ya kinyozi ilitangaza kwamba mapumziko ya Diwali yatakuwa Jumanne, na kabla mtangazaji hajafika kwenye hali ya hewa, benchi zima lilikuwa limeshageuka bunge.

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali kati ya milango miwili. Mlango wa kushoto ulikuwa wa kinyozi, ambaye watu walimwita Spika, kwanza kwa sababu ya spika kubwa aliyoitundika juu ya mlango, pili kwa sababu hata umeme ukikatika sauti haikupungua. Mlango wa kulia ulikuwa wa Fundi Saa, Mhindu mwembamba wa makamo aliyekuwa akitengeneza saa za mkononi na za ukutani, na ambaye kwa kazi yake ya kutazama vidude vidogo alikuwa amezoea kusema maneno machache, kila moja mahali pake. Mwisho wa ubao, penye kivuli, Shangazi aliuza kahawa. Alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu pale, lakini benchi zima lilimwita hivyo.

Huyo mtu mmoja alikuwa Waya, fundi umeme wa miaka ishirini na sita, aliyeacha kazi ya kampuni miezi saba iliyopita ili ajitegemee. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi katikati, kikombe mkononi, anasikiliza redio kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa kwenye orodha ya waliofaulu.

Spika alizima mashine ya kunyolea, akamwacha mteja na nusu ya kichwa, akatoka nje. Akasema kwamba jana alipita mbele ya hekalu la kona akasoma kwa macho yake ubaoni: Diwali, Jumatatu. Leo redio inasema Jumanne. Na ukumbi wa Wahindi wengine, ule wa chini ya mtaa, umebandika tangazo la Jumanne. Akauliza inakuwaje watu wanaojua hesabu kuliko sisi sote washindwe kuhesabu siku moja.

"Hapo kuna mtu kalala kazini," akasema. "Iundwe kamati. Nipo tayari kuwa mwenyekiti."

Shangazi akamuuliza kama kamati hiyo itammalizia mteja wake kichwa. Mteja, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa shingoni, akasema yeye hana haraka, anataka kusikia.

Waya alikunywa kahawa yake. Moyoni alikuwa ametulia tuli. Redio ilikuwa imethibitisha jambo alilokuwa akiliombea kimyakimya kwa wiki mbili, kwamba Diwali ni mbili. Sababu ilikuwa hii. Hekalu la kona lilimwita alifungie taa za mapambo, zile za kumetameta, kuanzia paa hadi geti, akaambiwa Diwali ni Jumatatu. Siku tatu baadaye ukumbi wa chini ukamwita kwa kazi ileile, akaambiwa Diwali ni Jumanne. Yeye alikuwa na waya mmoja tu wa taa hizo, mita mia na ishirini, alioununua kwa akiba yake yote. Akapiga hesabu ya haraka: Jumatatu usiku hekaluni, Jumanne asubuhi anafungua, mchana anafunga ukumbini, hatua mia mbili tu. Akakubali zote mbili, na kila upande ukaelewa kwamba taa ni zake peke yake. Kote kuwili aliyempeleka na kusema "huyu ni mwanangu, mchukueni" alikuwa Shangazi, na Shangazi hakujua kwamba waya ni mmoja.

Kwa hiyo Spika alipomgeukia Fundi Saa na kumtaka ajieleze kwa niaba ya Wahindi wote duniani, Waya ndiye aliyesogea karibu zaidi kusikiliza.

Fundi Saa aliweka kando saa aliyokuwa akiifungua. Akasema kwanza si sikukuu zao zote zinazofuata mwezi. Ile ya katikati ya Januari, Makar Sankranti, inafuata jua, ndiyo maana kila mwaka huangukia tarehe kumi na nne au kumi na tano, na hakuna anayegombana. Lakini nyingi kubwa zinafuata mwezi. Holi ni mwezi mpevu. Raksha Bandhan, siku ya dada kumfunga kaka uzi mkononi, nayo ni mwezi mpevu. Siku ya Ganesh ni ya nne tangu mwezi uanze kukua, ya kuzaliwa Rama ni ya tisa. Kuzaliwa Krishna ni siku ya nane tangu mwezi uanze kupungua. Diwali ni usiku wa giza kabisa, mwezi haupo. Na kila moja ina saa yake: ya Ganesh na ya Rama hutazamwa mchana kati, ya Krishna saa sita za usiku, Diwali jioni jua likishazama.

Spika akasema hapo bado hajaona tatizo. Usiku wa giza ni mmoja. Mtu anatoka nje, anatazama juu, haoni mwezi, anawasha taa.

Ndipo Fundi Saa akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na saa ya ukutani isiyo na kioo. Akaipakata na kuzungusha mishale mpaka yote miwili ikalaliana juu ya kumi na mbili.

"Huu mfupi ni jua," akasema, "na huu mrefu ni mwezi. Sasa wako pamoja, mwezi hauonekani. Hilo ndilo giza."

Akausukuma mshale mrefu taratibu. Akaeleza kwamba mwezi unakimbia kuliko jua, kwa hiyo unaliacha. Ukifika upande wa pili kabisa, umekabiliana nalo, ni mwezi mpevu. Ukizunguka mpaka ukalikuta tena, ni giza jingine, na mwezi mzima umekwisha. Nafasi hiyo yote, duara zima, wazee waliigawa vipande thelathini. Kipande kimoja huitwa tithi. Kwenye uso wa saa, tithi moja ni alama mbili za dakika: mwezi ukiliacha jua kwa alama mbili, tithi imekwisha, inaingia nyingine.

Mteja wa Spika akahesabu kwa kidole alama sitini, akagawa kwa mbili, akatikisa kichwa kukubali, nywele za upande mmoja zikimwagika begani.

"Basi tithi ni siku," akasema Spika.

"Ingekuwa siku, ningekuwa bado nafungua ile saa niliyoiweka kando," akajibu Fundi Saa.

Akaeleza kwamba ugomvi wote umelala hapo. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja. Kuna wakati unakuwa karibu nasi, unakimbia. Kuna wakati unakuwa mbali, unajivuta. Kwa hiyo tithi moja inaweza kwisha kwa saa kumi na tisa, nyingine ikachukua ishirini na sita na ushei. Inaanza wakati wowote, saa nne asubuhi, saa nane usiku, haimngoji mtu. Siku ya kawaida hupewa jina la ile tithi ambayo jua limeikuta likichomoza. Basi tithi ndefu inaweza kukutwa na macheo mawili, siku mbili zikapata namba moja. Na fupi inaweza kuingia baada ya macheo na kutoka kabla ya macheo yanayofuata, isikutwe na yeyote, namba yake ikarukwa.

Shangazi, aliyekuwa akijifanya hasikilizi, akasema huyo mwezi anafanana na mume wake wa kwanza.

Spika akageuza njia. Akasema sawa, mwezi ni mkorofi, lakini ni mmoja, unatembea juu ya vichwa vya watu wote. Hekalu na ukumbi viko mtaa mmoja. Iweje mwezi uwe mkorofi kwa hatua mia mbili?

Fundi Saa akasema swali hilo ndilo zuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia kutoka mdomoni mwa kinyozi, na Spika akakaa wima. Jibu lake lilikuwa refu kidogo. Alisema tithi huanza na kwisha kwa dakika moja dunia nzima, kweli. Lakini jua halichomozi wala kuzama kwa dakika moja dunia nzima. Kitabu cha hesabu hizo, panchang, almanaka yao, huandikwa kwa ajili ya mji fulani, kwa macheo na machweo ya mji huo. Hekalu la kona hutumia panchang iliyopigiwa hesabu hapahapa. Ukumbi hutumia inayochapishwa kwenye mji waliotoka babu zao, India. Tena hata huko huko India, mtaa mmoja, almanaka mbili zinaweza kupishana saa kadhaa, kwa sababu nyingine hufuata majedwali ya kale na nyingine hufuata vipimo vipya vya anga.

"Na hata wakikubaliana siku," akaongeza, "watagombana jina la mwezi. Nyumbani kwangu kuna kalenda mbili ukutani. Ya mama yangu, mwezi unakwisha siku ya giza. Ya mke wangu, ambaye kwao ni kaskazini, mwezi unakwisha siku ya mwezi mpevu. Nusu ya kukua wanaiita jina moja. Ikifika nusu ya kupungua, mama bado yuko mwezi huu, mke wangu ameshahamia unaofuata. Kuzaliwa Krishna mama anasema ni mwezi wa Shravana, mke wangu anasema ni Bhadrapada. Wanafunga siku moja, wanafungua saa moja, na wananuniana."

Benchi likacheka. Waya naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu anayetaka mazungumzo yaishie hapo. Hayakuishia. Mteja wa nusu kichwa ndiye aliyeuliza sasa kwa hesabu ya mwaka huu, nani kapata.

Fundi Saa akachukua kipande cha boksi na kalamu. Akaandika kwa mwandiko wake mdogo. Kwa saa za India, tithi ya giza itaingia Jumatatu saa kumi alasiri na kutoka Jumanne saa kumi na mbili na robo jioni. Jua lao kule siku hizi huzama saa kumi na mbili kasorobo. Maana yake, Jumatatu jioni giza lipo, na Jumanne jioni giza bado lipo, japo kwa nusu saa tu. Jioni mbili zote zimeguswa. Hapo almanaka za kule zimegawanyika: kuna zinazosema chukua ya kwanza, kwa kuwa giza limejaa jioni nzima na usiku wake, na kuna zinazosema likigusa jioni zote mbili, chukua ya pili. Kitabu cha ukumbi ni cha hao wa ya pili.

"Na hapa kwetu?" akauliza Waya. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Sisi tuko nyuma yao saa mbili na nusu. Toa." Fundi Saa akatoa mwenyewe, kalamu ikikwaruza. "Giza linaingia Jumatatu saa saba na nusu mchana. Linatoka Jumanne saa kumi kasorobo alasiri. Jua letu linazama saa kumi na mbili. Jumanne jioni, hapa, tithi ya giza imeshaondoka zaidi ya saa mbili. Kwa hesabu ya mji huu ni Jumatatu, hakuna mabishano."

Kikombe cha Waya kilikuwa kitupu lakini alikiinua akanywa.

Spika alikuwa ameshavua aproni. Akasema ni wajibu wa raia mwema kwenda sasa hivi ukumbini kuwaambia wale wazee kwamba wanakaribia kuwasha taa siku iliyokwisha, wahamie Jumatatu na wenzao, na kwamba baada ya hapo ataipigia redio. Mteja akamshika mkono na kumkumbusha, kwa upole, kwamba ana harusi ya ndugu yake saa nane na kichwa chake kina pande mbili zisizofahamiana. Spika akarudi ndani, huku akisema kupitia dirishani kwamba ataenda kesho asubuhi bila kukosa.

Waya akapiga hesabu upya. Ukumbi ukihamia Jumatatu, atakuwa na Diwali moja, wateja wawili na waya mmoja. Akinyamaza, na Spika akisahau kama anavyosahau mambo mengi, wale wazee watafanya sikukuu yao tithi ikiwa imeshatoka, na yeye ndiye atakuwa juu ya ngazi akiwafungia taa, huku anajua.

Shangazi alimlea Waya tangu akiwa na miaka sita. Hakuhitaji kuuliza mengi. Alingoja benchi lipungue, akamsogezea kikombe kingine, akamwambia aseme. Waya akasema yote, macho yake yakiwa kwenye birika.

Shangazi alipanga vikombe vyote, kimoja kimoja, mpaka Waya akatamani angemfokea.

"Umeuza kivuli kimoja kwa watu wawili," akasema mwishowe. "Na mimi ndiye niliyesimama pale nikasema huyu ana neno moja."

"Nilidhani siku ni tofauti, Shangazi."

"Ungewaambia hivyo, wangekuelewa. Hukuwaambia." Akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Kesho uende wewe kabla Spika hajaenda. Habari hiyo wasiisikie kwa spika."

Ijumaa saa tatu asubuhi Waya alisimama mlangoni mwa ukumbi, amevua viatu, amenyoa ndevu. Ukumbi ulikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya vigae vya kijani na feni nne, moja kati ya hizo aliitengeneza yeye. Aliyekuwa mkubwa wa ukumbi ni mwanamke mzee, mjane, aliyefundisha hesabu shule ya sekondari mpaka alipostaafu, na kila mtu alimwita Bibi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake mabeseni matatu ya maji yaliyojaa taa ndogo za udongo, zile za saizi ya kiganja cha mtoto. Alikuwa akizilowesha ili zisije zikanywa mafuta.

Waya akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaketi sakafuni. Akatoa kipande cha boksi cha Fundi Saa na kukinyoosha juu ya goti. Alikuwa amejifunza ile hesabu njia nzima. Akaeleza tithi, akaeleza machweo ya kule na ya hapa, akatoa zile saa mbili na nusu, akafika kwenye saa kumi kasorobo. Akasema kwamba samahani sana, Bibi, lakini kwa mji huu Jumanne jioni giza halitakuwepo.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kama alivyowasikiliza wanafunzi wake miaka thelathini.

"Hesabu yako ni sahihi," akasema. "Nilishaipiga tangu mwezi wa nne. Nikaenda na kulinganisha na kuhani wa hekalu, tukapata jibu moja, tukanywa chai."

Waya akamtazama.

Bibi akakausha mikono. Akaeleza kwamba hakuna aliyekosea. Hekalu linafuata jua la mahali watu walipo, na hiyo ni kanuni ya zamani na ya haki. Watu wa ukumbi wake wametawanyika nchi nane, na walikubaliana zamani kwamba siku zao kubwa watafuata kitabu kimoja, cha mwalimu wao wa kule nyumbani, hata kama jua la walipo linasema vingine. Wangefuata kila mmoja jua lake, ndugu wa tumbo moja wangefanya Diwali siku mbili.

"Nina dada yangu kule, ana miaka themanini na mbili," akasema. "Jumanne jua lake likizama, anawasha taa ya kwanza, ananipigia simu. Huku ni mchana, mimi niko jikoni. Ananiambia imewaka. Ikifika jioni yangu nawasha, nampigia mimi, yeye yuko kitandani. Tithi ya hapa imeondoka, najua. Tuliochagua ni sisi, si kwamba hatuoni."

Waya akahisi kama mtu aliyetuliwa gunia la simenti. Jumatatu inabaki Jumatatu, Jumanne inabaki Jumanne. Amesema ukweli, na ukweli haujamgharimu kitu. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka, boksi likirudi mfukoni, Bibi alipouliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwa hiyo kesho unakuja saa ngapi kuzifunga?"

"Kesho, Bibi?"

"Kesho Jumamosi. Kesho jioni ni tithi ya kumi na tatu ya kupungua, sikukuu ndipo inapoanza. Inafuata ya kumi na nne, kisha usiku wa giza wenyewe, halafu ya kwanza ya kukua ambayo kwetu ni mwaka mpya, halafu ya pili, siku ya kaka na dada. Taa zinawaka mpaka Alhamisi."

Waya akaketi tena. Akauliza, ingawa alishajua jibu, kama na hekaluni ni hivyohivyo. Bibi akasema ndiyo, wao usiku mkubwa ni Jumatatu, lakini kuanza ni kesho na kumaliza ni Alhamisi, sawasawa.

Wiki mbili nzima alikuwa amelinda pengo la usiku mmoja ndani ya sikukuu ya karibu wiki. Alitazama vigae. Alifikiria kusema waya umeharibika, au anaumwa, na alishangaa jinsi uongo ulivyokuja upesi na umevaa vizuri. Kisha akilini akamwona Shangazi akifuta ile meza tupu.

"Bibi, taa nilizo nazo ni waya mmoja," akasema. "Niliwaahidi hekalu kwanza, kisha nikawaahidi ninyi. Nilidhani kila mmoja ana usiku wake. Sikuwaambia."

Feni zilizunguka. Bibi akatoa taa moja ya udongo majini, akaitikisa, akaipanga kwenye gazeti.

"Ndiyo maana umenijia na hesabu," akasema.

"Nilikuja na hesabu ili nione kama nitaweza kusema hilo lingine."

Hapo Bibi akacheka, si sana, lakini mabega yake yalitikisika. Akasema walioahidiwa kwanza wapewe, akafunge hekaluni. Kuhusu ukumbi, yeye tangu mwanzo hakuzitaka zile taa za kumetameta. Kamati ndiyo iliyozitaka kwa sababu hekalu linazo. Mama yake hakujua waya. Taa za udongo anazo mia sita. Tatizo ni mikono: kusokota tambi mia sita, kujaza mafuta, kupanga ukingoni na kwenye ngazi, kila jioni. Wajukuu wako mbali na wazee wenzake vidole vimekataa.

Waya akasema mikono anayo. Akafikiri kidogo, akasema tena kwamba anaweza kupata na mingine.

Jumamosi asubuhi alifunga taa hekaluni, paa hadi geti, kazi safi. Alasiri alikuwa ukumbini. Shangazi alifunga biashara mapema akaja na kanga kiunoni, akasokota tambi kwa kasi iliyowatia aibu wote. Alimsimulia Bibi mbele ya Waya, kana kwamba Waya hayupo, jinsi alivyokuwa mtoto mgumu kukiri lakini akishakiri halali mpaka atengeneze. Kutoka kwake hiyo ilikuwa ni kusamehewa. Fundi Saa aligawa siku zake: Jumatatu jioni aliwasha na mke wake hekaluni, Jumanne alikuja na mama yake ukumbini, na alisema ni mwaka wa kwanza nyumba yake kutokuwa na mtu aliyenuna.

Spika alikuja pia, baada ya kuelezwa mara mbili kwamba hakuna kosa la kurekebisha na redio haina haja ya kupigiwa. Alipewa kazi ya kujaza mafuta, akaifanya huku akiwaeleza wazee wa Kihindu, mmoja mmoja, maana ya tithi. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja wao alimshukuru.

Jumanne alasiri, saa tisa na nusu, simu ya Bibi ililia. Aliipokea jikoni, wakamsikia akisema maneno machache kwa lugha yake, kisha akatoka akawaambia imewaka. Jioni jua lilipozama akawasha taa ya kwanza kwa mkono wake, na wao wakafuata, ukingoni, kwenye ngazi, kwenye madirisha, mpaka jengo lile bovu lenye rangi ya kubanduka likawa limezungukwa na moto mdogomdogo unaopumua. Juu hapakuwa na mwezi wa kuonekana, tithi au bila tithi. Watu wa mtaa walisimama barabarani kutazama. Waya, aliyekuwa akiishi kwa umeme, alikaa kwenye ngazi ya chini akatazama naye.

Spika alikuja kukaa karibu, akifuta mafuta vidoleni. Akatangaza kwa wote kwamba sasa hakuna wa kumdanganya. Miezi kumi na miwili ni siku mia tatu hamsini na nne, mwaka wa jua unazidi kwa siku kumi na moja, kwa hiyo mwakani Diwali itakuwa siku kumi na moja mapema. Ameshawaambia wateja wake wote. Ameshaiandika ukutani dukani, kwa rangi ya mafuta.

Fundi Saa akamtazama Bibi, na Bibi akamtazama Fundi Saa, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kusema.

"Mwakani kuna mwezi wa ziada," akasema Fundi Saa mwishowe, kwa upole wa mtu anayemweleza mteja kwamba saa yake haitengenezeki. Zile siku kumi na moja zikiachwa zijirundike, Diwali ingezunguka mwaka mzima kama Ramadhani inavyozunguka. Wao hawaruhusu. Kila baada ya miezi thelathini na miwili au mitatu hivi hutokea mwezi mmoja, kutoka giza hadi giza, ambao jua halikuvuka kuingia nyota mpya. Huo huhesabiwa mara mbili, jina moja miezi miwili, na mambo yote yanarudi mahali pake. "Itakuwa karibu siku kumi na tisa mbele. Mbele, si nyuma."

Spika alikaa kimya. Shangazi akasema kwamba kunyamaza huko kwa Spika nako kuandikwe ukutani, pamoja na tarehe yake.

Bibi akamgeukia Waya. Akasema kamati imezipenda taa za udongo, lakini feni mbili bado zinapiga kelele na nyaya za jikoni ni za zamani, na mwakani wangependa awafanyie kazi yote, taa na mengine. Akauliza kama atakuwa na nafasi.

Ulimi wa Waya ulikuwa umeshafika kwenye "ndiyo". Akaurudisha.

"Nipe siku mbili, Bibi," akasema. "Niende kwanza hekaluni nikawaulize kama nao watanihitaji, na jua lao litazama lini."